Mto Huleta Chumvi, Bahari Huitunza
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu chumvi ya bahari

Swali lenyewe

Mto Rufiji hukusanya maji kutoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, ukayamwaga katika Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Maji yake hunyweka na humwagilia mpunga. Kilomita chache mbele, maji hayohayo yakishachanganyika na bahari, hayanyweki tena. Mito yote ya dunia hufanya vivyo hivyo mwaka hadi mwaka, na bahari haipungukiwi chumvi yake. Kijitabu hiki kinaeleza chumvi hiyo hutoka wapi, kwa nini hatuionji mtoni, na kwa nini bahari haizidi kuwa chungu kila karne inayopita.

Mto nao una chumvi

Jibu linaanzia hapa: hakuna mto usio na chumvi. Lita moja ya maji ya mto, kwa wastani wa dunia nzima, imebeba takriban miligramu 100 za madini yaliyoyeyuka, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi, ambazo ni zaidi ya mara 300 ya kiasi hicho.

Ulimi hauwezi kugundua kiasi cha mto. Kloridi, ambayo ni mojawapo ya sehemu mbili za chumvi ya mezani, huanza kuonjwa inapokaribia miligramu 250 katika lita. Mto wa kawaida una miligramu 8 tu.

Unaweza kujionea mwenyewe. Chemsha lita moja ya maji ya bahari katika sufuria ya zamani hadi yakauke. Utabaki na chumvi ya vijiko vya chai vitano au sita. Fanya hivyo kwa maji ya mto yaliyochujwa vizuri, nawe utaona utando mweupe tu chini ya sufuria. Utando huo ni ndugu wa ule ukoko mgumu unaojijenga ndani ya birika la chai. Ukiuonja hauna ladha ya chumvi, kwa sababu sehemu kubwa yake ni chokaa. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia: chumvi ya mto na chumvi ya bahari hazitofautiani kwa wingi peke yake. Ni mchanganyiko tofauti kabisa.

Madini ya mto hutoka kwenye mawe

Mvua inaposhuka hunyonya hewa ukaa angani na kuwa na asidi dhaifu. Asidi hiyo haiumizi ngozi, lakini ikipita juu ya miamba na ndani ya udongo kwa miaka mingi huimung'unya polepole. Sehemu ya jiwe hugeuka mfinyanzi na kubaki bondeni. Sehemu nyingine huyeyuka na kuondoka na maji: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, na pamoja nayo bikaboneti inayotokana na ile hewa ukaa.

Kwa hiyo mto una kalsiamu na bikaboneti kwa wingi, na sodiamu na kloridi kwa uchache. Tena kloridi nyingi ya mtoni haikutoka kwenye jiwe. Imetoka baharini, ikarushwa na mawimbi, ikabebwa na upepo hadi bara na kushuka na mvua, au imeyeyuka kutoka kwenye matabaka ya chumvi yaliyoachwa na bahari za kale.

Maji huondoka, chumvi hubaki

Jua likipiga juu ya bahari, maji hupaa kama mvuke. Chumvi haipai. Mvuke huwa mawingu, mawingu huwa mvua, na mvua hurudi mtoni ikiwa karibu haina kitu ndani yake. Mto huanza upya kila msimu, ila bahari hupokea mzigo wa kila msimu na haina mto wa kuutoa.

Tunaweza kulipima jambo hili kwa maziwa yetu wenyewe. Ziwa Viktoria hupoteza sehemu kubwa sana ya maji yake kwa jua. Hata hivyo ni la maji baridi, kwa sababu lina mlango: Mto Nile huondoka pale Jinja na kuchukua madini pamoja na maji. Ziwa Natron, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, hupokea maji ya mto Ewaso Ng'iro wa Kusini na chemchemi kadhaa, lakini halina mto unaotoka. Maji yake hayana njia nyingine isipokuwa angani. Ndiyo maana limejaa madini hadi kuganda kando kando wakati wa kiangazi.

Bahari iko upande wa Natron katika jambo hili. Ni bonde la mwisho. Hakuna mto unaotoka baharini.

Basi kwa nini bahari si magadi?

Hapa ndipo maelezo ya kawaida huishia mapema mno. Kama bahari ingekuwa tu maji ya mito yaliyokaushwa na jua, ingepaswa kufanana na Natron au na jirani yake, Ziwa Magadi la Kenya. Lakini maziwa hayo yana magadi, yale yale yanayolainisha maharage jikoni. Magadi ni sodiamu pamoja na kaboneti. Bahari ina sodiamu pamoja na kloridi. Katika gramu 35 za lita moja ya bahari, takriban gramu 27 ni chumvi ya mezani.

Sababu ya kwanza ni asili ya kloridi. Mawe ya kawaida yana kloridi kidogo mno kuweza kuijaza bahari. Kloridi nyingi ilitoka tumboni mwa dunia ikiwa gesi za volkano, hasa katika enzi za mwanzo za sayari hii, ikayeyuka katika bahari changa. Sodiamu ililetwa na mito baadaye ikaikuta.

Sababu ya pili ni kwamba bahari huchagua. Tazama hesabu hii. Mito yote ya dunia humwaga takriban kilomita za ujazo 37,000 za maji kwa mwaka, na bahari zote zina takriban bilioni 1.3. Ukigawanya, mito ingehitaji miaka 35,000 hivi kuijaza bahari tupu.

Sasa chukua sodiamu. Lita ya mto ina miligramu 6, lita ya bahari ina 10,800, yaani mara 1,800. Mara 1,800 ya miaka 35,000 ni miaka milioni 63. Huo ndio muda ambao mito ingehitaji kuleta sodiamu yote iliyomo baharini leo.

Kisha chukua kalsiamu. Lita ya mto ina miligramu 15, zaidi ya mara mbili ya sodiamu. Lita ya bahari ina miligramu 410 tu, mara 27 ya mto. Kwa hesabu ile ile, muda wake ni karibu miaka milioni moja. Mto huleta kalsiamu nyingi kuliko sodiamu, lakini baharini kalsiamu ni chache. Imekwenda wapi?

Imechukuliwa na viumbe. Matumbawe, chaza, kome na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho hutwaa kalsiamu na bikaboneti kujengea magamba na mifupa yao. Wakifa, magamba huzama na kuwa jiwe la chokaa. Matumbawe yanayochimbwa kujengea nyumba za pwani, na kuchomwa tanuri kutoa chokaa ya kupaka, ni kalsiamu iliyowahi kupita mtoni. Sodiamu na kloridi hazina mjenzi wa namna hiyo. Hubaki majini kwa mamilioni ya miaka, nazo ndizo ulimi wetu unazoziita chumvi.

Je, bahari inazidi kuwa na chumvi?

Mwaka 1899 mwanasayansi wa Ireland, John Joly, alifanya hesabu ya sodiamu inayofanana na ile ya hapo juu. Alidhani sodiamu ikiingia baharini haitoki, hivyo akahitimisha kwamba bahari ina umri wa miaka milioni 80 hadi 90. Leo tunajua kwamba dunia ina miaka bilioni 4.5. Tofauti hiyo kubwa inatuambia kitu cha maana: sodiamu nayo hutoka, ila polepole.

Hutoka kwa njia kadhaa. Ghuba zinapofungika na kukauka, huacha matabaka mazito ya chumvi yanayofunikwa na udongo. Maji ya bahari hunaswa katikati ya matope ya chini na kuzikwa nayo. Pia maji huzama katika nyufa za sakafu ya bahari, hukutana na miamba ya moto na kurudi yakiwa yamebadilishana madini nayo. Chemchemi moto za namna hii zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galapagosi. Kinachoingia na kinachotoka vinakaribiana, kwa hiyo hakuna mtu atakayeishi kuona bahari nzima ikibadilika ladha.

Kinachobadilika ni mahali na majira. Bahari ya Shamu, yenye jua kali na isiyo na mito mikubwa, hufikia gramu 40 katika kilo ya maji. Na mbele ya delta ya Rufiji chumvi hushuka wakati wa masika, mto unapojaa.

Mpaka wa maji mawili, na namna ya kuutambua

Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Mlangoni mwa mto, maji ya mto huelea juu na ya bahari huingia chini yake kama kabari. Maji yakijaa, kabari hupanda mtoni, yakipwa, hurudi. Kiangazi, mto unapopungua nguvu, hupanda mbali zaidi. Kwa hiyo anayechota maji ya kunywa au ya mpunga karibu na mlango wa mto asiamini ndoo ya juu peke yake: apime na maji ya chini.

Visima vya pwani hufuata kanuni hiyo hiyo. Chini ya ardhi maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari. Pampu ikivuta kwa kasi kuliko mvua inavyorudisha, maji ya chumvi hupanda. Dalili huja taratibu: sabuni haitoi povu vizuri, chai hubadilika ladha, mimea inayomwagiliwa hukauka ncha za majani. Ukiziona, punguza kuvuta na upumzishe kisima. Kukichimba zaidi kwenda chini huyasogelea maji ya chumvi.

Mwisho, usinywe maji ya bahari hata kiu ikikuzidi. Figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kama bahari, hivyo mwili hulazimika kutumia maji yake wenyewe kuitoa chumvi hiyo, na kiu huongezeka. Kuyachemsha hakusaidii: mvuke huondoka, chumvi hubaki, na kilichomo sufuriani huwa kikali zaidi. Kinachonyweka ni ule mvuke, ukiukinga kwa mfuniko wa baridi na kukusanya matone yake katika chombo kingine safi.