Kupunguza mada ya umahiri hadi watu 12 waweze kuijibu

Tuchukue mada hii: “Athari za uraia kwa waliokuwa wakimbizi wa Burundi mkoani Katavi.” Wengi wao walikimbia mauaji ya 1972 wakapewa makazi Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 wakaanza kupokea vyeti vya uraia.

Mahojiano 12 hayawezi kuijibu. “Athari” inadai kulinganisha kipato, elimu na ardhi kabla na baada, na hiyo ni kazi ya dodoso kwa mamia ya kaya. Tena kuna mzee aliyevuka mpaka, mwanawe na mjukuu wake. Vizazi vitatu katika makazi mawili ni makundi sita, yaani watu wawili kwa kila kundi.

Basi tupunguze: “Wazazi waliozaliwa Katumba huwaelezaje watoto wao kwamba kwao ni wapi?” Kundi ni moja, mahali ni pamoja, na mzazi mwenyewe ndiye mwenye jibu.

Mwaka 2006 Guest, Bunce na Johnson, wakichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, waliona mawazo mengi yalijitokeza katika 12 ya kwanza. Lakini washiriki wao walifanana.

Kwa hiyo, kila baada ya mahojiano orodhesha mawazo mapya. Kama la 10, la 11 na la 12 bado yanaleta mapya, ongeza watu au punguza swali. Na katika hitimisho usiseme “wana Katavi”. Sema “wazazi hawa wa Katumba”.