Malaria ya Kujirudia na Kimo cha Mtoto
Malaria moja iliyotibiwa mapema kwa kawaida haimfanyi mtoto awe mfupi. Hamu ya kula hurejea, naye hufidia kimo kilichochelewa. Hatari ni malaria inayorudi kabla fidia hiyo haijakamilika, hasa chini ya miaka miwili, mifupa inaporefuka kwa kasi.

Mfano ni msichana wa miezi 24 aliyeugua mara nne. Uzito wake unaridhisha, lakini akipimwa amelala ana sentimita 78, ilhali kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni 80. Amedumaa, na mizani peke yake isingeonyesha. Pengo hilo lisipozibwa mapema, mara nyingi hudumu hadi utu uzima. Lishe duni na kuhara navyo vichunguzwe, kwani malaria ni nadra kudumaza peke yake.