SOMO KWA VIJANA: KUGHANI NENO KATIKA MKESHA

Katika mkesha wa vijana ghani fupi huweza kufungua tafakari. Somo hili linaonyesha jinsi ya kuunganisha mapigo, kimya na Maandiko. Mfano wetu ni Zaburi ya 121, aya ya 1 na ya 2, kwa wasikilizaji wa Kwai, ambao wengi wao ni wakulima wa mboga milimani.

1. Soma kwanza. Aya ya 1 inataja milima, kisha inaishia kwa swali: msaada utatoka wapi? Aya ya 2 inajibu kwamba unatoka kwa Bwana, Muumba. Basi kimya kikuu kikae kati ya swali na jibu. Ukinyamaza baada ya neno "milima", msikilizaji wa Usambara aliyezungukwa na milima anaweza kudhani kwamba milima ndiyo msaada.

2. Tunga maneno yako kwa mizani. Tumia mizani nane kwa kila mstari, kama katika utenzi:

Mvua imekatika,
Kabichi zimenyauka,
Na deni lanizunguka,
Nimebaki kuuliza.

Hesabu silabi kwa vidole. "Mvua" ina tatu: m-vu-a. Wengi huhesabu mbili, na mstari huzidi pigo moja.

3. Usiyakate Maandiko yafuate ngoma. Ukipunguza neno ili mizani itimie, umebadili Andiko. Ubeti ghani kwa moyo, lakini aya isome katika Biblia iliyo wazi, kwa sauti ya kawaida, ngoma ikiwa imenyamaza. Taja sura na aya mwanzoni kabisa, kwa sababu ukizitaja katikati utakata swali na jibu lake.

4. Pangilia hivi. Baada ya "kuuliza" ngoma inyamaze. Hesabu kimoyomoyo hadi mbili, soma aya ya 1 yote bila kusimama, hesabu hadi nne, kisha soma aya ya 2. Hesabu tena hadi mbili, ngoma irudi taratibu:

Jembe nimeliinua,
Mbegu nimeichukua,
Naye Bwana anajua,
Kazi naiendeleza.

Angalieni kwamba ubeti huu hauahidi mvua, kwa kuwa aya hizo mbili hazikuitaja. Unaeleza tu anachofanya mtu aliyesikia jibu.

5. Jaribuni kabla ya mkesha. Mwombeni mtu ambaye hajaisikia ghani asikilize akiwa amefumba macho, ainue mkono Andiko linapoanza na aushushe linapoisha. Akichelewa, kimya chenu ni kifupi au sauti haikubadilika. Watu wakipiga makofi baada ya aya ya 1, mpiga ngoma asiwafuate. Msomaji angoje makofi yaishe, aanze kuhesabu upya, ndipo asome aya ya 2.

Zoezi: Someni Zaburi ya 13. Swali linaishia wapi, na kimya kikae wapi?