SOMO LA SAFARI: KULALA KATIKA GARI LA MOSHI LA USIKU

Wasomaji wetu wengi wa Kigoma, Tabora na Singida husafiri kwa Reli ya Kati, na hata leo watu huita gari la moshi ingawa lavutwa kwa dizeli. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kazi mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, humfikisha mtu kwa saa chache. Lakini katika reli ya zamani, magharibi ya Dodoma, safari huchukua usiku mzima, na hapana budi mtu alale. Katika somo hili twataka kueleza jinsi ya kulala pasipo kupitwa na stesheni yako wala kuibiwa mzigo.

Tuchukue mfano wa mzee mmoja atokaye Kigoma kwenda Itigi. Amekwisha kuuza mawese yake, na kiunoni ana fedha ya ada ya watoto wawili. Gari litafika Itigi usiku, na akipitwa atashushwa mbali gizani pamoja na fedha ile. Je, afanyeje?

Kwanza, asitegemee saa iliyochapishwa katika ratiba, kwa maana gari laweza kuchelewa. Ahesabu muda ulio kati ya stesheni mbili. Tuseme ratiba yaonyesha kuondoka Tabora 19:00 na kufika Itigi 01:00. Muda huo ni saa sita. Ikiwa usiku ule gari limeondoka Tabora saa nne, yaani 22:00, aongeze saa sita tangu magurudumu yalipoanza kuzunguka, naye atapata 04:00, ndiyo saa kumi ya alfajiri.

Hapo yafaa msomaji afahamu jambo moja. Reli ile ni ya njia moja, na magari mawili yakikutana, moja hungoja katika stesheni mpaka lingine lipite. Kwa hiyo baada ya Tabora ni rahisi gari kuzidi kuchelewa, lakini ni vigumu kupunguza muda wa njia kwa kiasi kikubwa. Basi mzee wetu atoe saa moja tu katika hesabu yake, aamke 03:00, yaani saa tisa ya usiku. Gari likikawia zaidi, hatapata hasara illa ya usingizi kidogo.

Akitumia kengele ya simu, aangalie sana. Simu na ratiba huhesabu tangu usiku wa manane, bali sisi huhesabu tangu jua kuchwa na kuchomoza. Mtu akitaka kuamka saa tisa ya usiku akaandika 09:00 badala ya 03:00, kengele italia asubuhi, naye amekwisha kupita Itigi zamani.

Akiisha kuamka, aiache saa na kufuata stesheni. Kabla ya kupanda na aandike katika karatasi majina ya stesheni zilizo kabla ya yake. Atokaye Tabora kwenda Itigi hupita Igalula, Goweko, Malongwe na Tura, kisha Kazikazi na Kitaraka. Akisikia Kazikazi, avae viatu na kufunga mzigo. Akisikia Kitaraka, asimame karibu na mlango. Asihesabu vituo kwa kusimama kwa gari, kwani gari husimama pia porini likingoja kupisha lingine. Asome jina katika ubao wa stesheni, au amwulize mtu aliye chini. Tena mabehewa ni mengi, na la nyuma laweza kusimama nje ya jukwaa, penye kokoto na giza. Basi awe na tochi, na aangalie chini kabla ya kushusha mguu.

Mapema, kabla ya kulala, amwambie mhudumu wa behewa jina la stesheni yake na nambari ya kitanda chake. Amwambie pia jirani aendaye mbali zaidi yake. Asimchague ashukaye kabla yake, kwani huyo hatakuwapo. Ikiwa amepitwa hata hivyo, asiruke gari likienda. Mbele ya Itigi ziko Aghondi na Manyoni. Ashuke gari litakaposimama, amwendee mkuu wa stesheni, na angoje mwanga karibu na ofisi yake.

Wasafiri waendao magharibi wana hatari nyingine. Pale Tabora mabehewa hugawanywa, mengine huelekea Mwanza na mengine Kigoma. Mtu wa Mwanza aliyelala katika behewa la rafiki yake wa Kigoma ataamka Urambo, na mzigo wake umekwenda Shinyanga. Kabla ya Tabora kila mtu awe katika behewa lililoandikwa katika tiketi yake.

Sasa tuje kwenye mizigo. Mwizi wa gari hapendi kuiba gari likienda mbio, maana hana pa kukimbilia. Hungoja lisimame, na hasa linapoanza kuondoka polepole. Hapo hunyakua na kuruka chini, na mwenye mali hawezi kumfuata. Kwa hiyo yafaa kulala gari likienda na kufumbua macho likisimama. Ikiwa wasafiri wa chumba kimoja wanaaminiana, na wapeane zamu.

Dirisha ni mlango wa pili wa mwizi. Mkono huingia kutoka nje, ukachukua kilicho juu ya kimeza au kando ya mto. Kufuli za madirisha mengi hazishiki, ndiyo sababu katika vyumba vya kulala mara nyingi huwapo kipande cha ubao cha kuzuia dirisha lisifunguliwe. Mzee wetu akitafute mapema, akikosa amwombe mhudumu. Tena asiiache simu ikiwa karibu na dirisha.

Mfuko mkubwa uwekwe chini ya kitanda cha chini, na mkanda wake ufungwe kwa kamba katika chuma cha kitanda, fundo likielekea ukutani. Kamba haimzuii mwenye kisu, lakini humchelewesha, na mtikiso wake huamsha watu. Katika daraja la tatu, penye viti tu, mfuko usiwekwe juu ya kichwa chako. Uweke upande wa pili, mahali ambapo ukifumbua macho utauona bila kugeuka.

Fedha ya ada ikae katika mkanda wa nguo ndani ya vazi, isitolewe njiani hata mara moja. Fedha ndogo ya chakula na tiketi zikae mfuko mwingine, ili mkaguzi akija au ukinunua chai, watu wasione ulipoficha nyingine. Tena asipokee chakula wala kinywaji kilichokwisha kufunguliwa kutoka kwa mtu asiyemjua, kwani wako wezi wanaotia dawa ya usingizi.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Ratiba yasema gari laondoka Tabora 19:00 na kufika Manyoni 02:30. Usiku mmoja limeondoka 23:15. Msafiri wa Manyoni aamke saa ngapi, akitoa saa moja ya tahadhari? Jibu ni 05:45, ndiyo saa kumi na mbili kasorobo ya alfajiri. Mwanafunzi aliyejibu 01:30 amefuata ratiba wala hakuangalia gari lilipoondoka. Angeamka saa nne na zaidi kabla ya wakati.