Manjano na Pilipili za Unga: Ninavyozipima Kabla ya Kununua kwa Wingi

Napika kwa oda hapa Tanga: biriani, pilau, mchuzi wa samaki. Manjano na pilipili huniishia haraka, na kusaga mwenyewe kila wiki siwezi. Kwa hiyo nanunua za unga, ila kila mzigo mpya naupima kwanza. Vipimo vyenyewe ni rahisi, lakini vina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayoniongoza kumchagua mfungashaji.

Anza na unga wako mwenyewe

Huwezi kujua unga wa mtu kama huna wa kulinganisha nao. Nunua robo kilo ya manjano kavu ambayo haijasagwa. Vunja kipande kimoja. Ndani kuwe na rangi ya chungwa iliyokolea, na nje kuwe na ganda lililofifia, la kijivu au kahawia. Ukikuta nje kunang'aa kuliko ndani, na unjano unabaki vidoleni ukisugua, acha. Hiyo imepakwa kitu.

Osha vipande vyote vizuri, anika hadi vikauke kabisa, twanga, chekecha. Fanya vivyo hivyo kwa pilipili nyekundu kavu, ukiondoa vikonyo. Tia kila unga kwenye kichupa chenye mfuniko, uweke kabatini mbali na mwanga, kwa sababu rangi ya asili ya viungo hivi hupauka juani. Utaona manjano yako haina ule unjano mkali wa pakiti nyingi za dukani. Hivyo ndivyo ilivyo.

Maji: kwa rangi inayoyeyuka

Chukua glasi mbili za maji safi yasiyo ya moto. Moja nyunyizia nusu kijiko cha chai cha unga wako, nyingine nusu kijiko cha unga unaopimwa. Usikoroge. Ngoja kama robo saa.

Rangi ya asili ya manjano haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo unga halisi hushuka taratibu na maji hubaki na unjano hafifu. Uliotiwa rangi ya kuyeyuka, kama metanili ya njano, huachia michirizi mikali mara tu unapogusa maji. Pilipili nayo ni hivyo hivyo: wekundu ukitiririka kama wino, kuna kilichoongezwa. Mwishoni mwaga maji na usugue mashapo kwa kidole. Mchanga au vumbi la tofali hukwaruza.

Wengine hutia sabuni au magadi kwenye manjano, na ikiwa nyekundu wanasema ni feki. Si kweli. Manjano halisi ndiyo inayogeuka nyekundu ikikutana na magadi. Aliyefua kanzu iliyomwagikiwa mchuzi analijua hilo.

Iodini: kwa pilipili tu

Unga wa mahindi ndio kijazio rahisi, na iodini ya kusafishia vidonda huufichua. Chemsha nusu kijiko cha pilipili kwenye kikombe cha maji, acha ipoe kabisa na itulie, kisha chota maji ya juu na udondoshee matone mawili matatu. Maji yakiwa bado moto rangi haitatokea hata kama unga umo. Yakigeuka buluu nzito inayokaribia weusi, kuna wanga mwingi, na pilipili iliyoiva haina wanga wa kufikia hapo.

Usifanye hivi kwa manjano. Manjano ina wanga wake wa asili, nayo itakuwa nyeusi hata ikiwa safi kabisa.

Kuna pilipili niliyonunua kwa mwuzaji mmoja wa sokoni, iodini ikaonyesha buluu. Kabla ya kumhukumu nilitengeneza vipimo viwili vyangu: kimoja vijiko tisa vya pilipili yangu na kimoja cha sembe, kingine vijiko kumi vya pilipili na sembe ya ncha ya kisu. Nikavichemsha kwa namna ile ile. Pilipili ya sokoni ikalingana na hiki cha pili. Nilipokwenda kwa aliyeisaga, akaniambia, "Mama, mashine hii asubuhi inasaga mahindi." Basi yale yalikuwa mabaki ya mashine. Ingelingana na kile cha kwanza, hapo mtu angekuwa amejaza.

Ambacho jikoni hakionekani

Rangi mbili za hatari zaidi hupita vipimo vyote hivi. Ya kwanza ni kromati ya risasi, unga wa njano unaotumika kwenye rangi za kupaka. Haiyeyuki majini, na inatosha kidogo tu kung'arisha manjano iliyofifia. Nchini Bangladeshi wafanyabiashara waliisugulia mizizi, desturi ambayo wenyewe waliihusisha na mafuriko ya miaka ya 1980 yaliyoharibu rangi ya mavuno. Mwaka 2019 sampuli 47 kati ya kila 100 za sokoni zilikuwa na risasi. Serikali ikaingia masokoni na vifaa vya miale ya eksirei, ikawatoza faini waliokutwa nayo, na kufikia 2021 haikuonekana tena kwenye sampuli. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Ya pili ni rangi za Sudani, zinazotiwa kwenye nta na dawa za viatu. Huyeyuka kwenye mafuta, si majini, na rangi halisi ya pilipili nayo huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo kaangio halitakutofautishia. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya vyakula kwa sababu ya mzigo mmoja wa pilipili uliokuwa nazo.

Hizi huonekana maabara tu. Ndiyo maana glasi ya maji ikipita bado namchunguza mtu.

Kumpata mfungashaji

Naanza na bei. Tuseme manjano kavu nzima ni shilingi 8,000 kwa kilo. Kuosha na kuchambua hupunguza uzito, kusaga kuna malipo, pakiti ina gharama, naye anataka faida. Akiniuzia unga kwa 6,000, kilo hiyo si ya manjano peke yake. Kwa hiyo kila ninapouliza bei ya unga, nauliza pia ya nzima siku hiyo hiyo.

Halafu naomba kuona mizizi yenyewe kabla haijasagwa, na ninaivunja. Aliye karibu na wakulima, kwa mfano wa Amani kule Muheza, hukuonyesha gunia bila kusita. Anayenunua unga tayari na kuupakia upya hana cha kukuonyesha, hata akiwa mwaminifu. Nauliza mashine inasaga nini kingine, na inasafishwaje.

Kwenye pakiti natafuta alama ya TBS, anwani, tarehe na namba ya toleo. Nasoma viambato pia: "bizari ya mchuzi" ni mchanganyiko na inaweza kuwa na unga au chumvi kihalali. "Manjano" iwe manjano tu. Kwa mzigo mkubwa naomba cheti cha maabara kinachotaja risasi, chenye namba ya toleo ninalonunua, si la mwaka juzi.

Kila mzigo naweka kijiko kimoja kwenye kichupa, nikiandika tarehe na jina la mfungashaji. Manjano ya shamba hubadilika kidogo msimu hadi msimu. Mfungashaji ambaye unga wake una unjano ule ule mwaka mzima, ndiye nitakayemwomba cheti kwanza.