Kupanga Orodha ya Vitabu vya Kusoma kwa Majina ya Ukoo

Madhumuni ya somo

Baada ya somo hili, mwanachuo aweze:
(a) kutambua jina linalotangulia katika kila ingizo la orodha;
(b) kupanga maingizo kwa mfuatano wa alfabeti;
(c) kujongeza mistari ya ingizo kwa namna isiyovurugika.

1. Utangulizi

Mwalimu anapowapa wanafunzi orodha ya vitabu, huwaelekeza pia mahali pa kuvitafuta. Mwanafunzi anayetafuta kazi za Shaaban Robert chini ya herufi S katika katalogi ya maktaba huenda akaondoka mikono mitupu, kwani katalogi imeziweka chini ya R. Kwa hiyo orodha ya mwalimu haina budi kufuata utaratibu uleule unaofuatwa na maktaba: jina la ukoo kwanza, kisha koma, kisha herufi za mwanzo za majina mengine.

2. Jina lipi litangulie?

Katika vitabu vingi vya Kiswahili vilivyochapishwa Kenya na Tanzania, jina la mwisho kwenye jalada ndilo hutangulia katika orodha. Euphrase Kezilahabi huandikwa Kezilahabi, E. Jina hilo la mwisho aghalabu huwa la baba au la babu wala si la ukoo kwa maana halisi, lakini katika orodha huchukua nafasi ya jina la ukoo.

Kanuni ya "jina la mwisho" haitoshi kwa wasomaji wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambako watu wengi huanza kwa jina la asili na kumalizia kwa jina la ubatizo. Mwanazuoni wa Rwanda, Alexis Kagame, anaweza kuandikwa pia Kagame Alexis. Anayechukua jina la mwisho bila kufikiri ataandika Alexis, K., na kazi hiyo itapotelea chini ya herufi A. Ingizo sahihi ni Kagame, A. Ukiwa na shaka, fungua ukurasa wenye taarifa za uchapishaji, ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, au tazama jinsi maktaba ilivyomworodhesha mwandishi.

Kitabu kilichotolewa na taasisi bila kutaja mtu huorodheshwa kwa jina la taasisi hiyo. Ndivyo ilivyo kwa TUKI na Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

3. Mfano wa kupanga

Tuchukue vitabu saba ambavyo mwanachuo ameviandika kwa mfuatano wa kuvipata: Kusadikika cha Shaaban Robert (1951), Utengano cha Said Ahmed Mohamed (1980), Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu cha Massamba, Kihore na Hokororo (1999), Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed (1976), Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981), Asali Chungu cha Said Ahmed Mohamed (1977), na Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi (1971).

Tukilinganisha herufi za kwanza, Kezilahabi anatangulia, Robert na TUKI wanafunga orodha. Katikati yamebaki maingizo manne yanayoanza na M, hivyo tunasogea hadi herufi ya pili: Massamba anatangulia Mohamed, kwa kuwa a hutangulia o. Hapa kuna jambo la kuangalia. Kihore ni mwandishi wa pili wa kitabu cha Massamba, na K hutangulia M. Hata hivyo hatumhamishi. Mfuatano wa waandishi ndani ya ingizo moja hubaki kama ulivyo kwenye jalada. Alfabeti hupanga maingizo, haipangi waandishi wa kitabu kimoja.

Maingizo matatu yaliyosalia yote ni ya Mohamed, lakini waandishi ni wawili. Jina la ukoo likilingana, herufi za majina mengine ndizo huamua: Mohamed, M.S. anamtangulia Mohamed, S.A. Said Ahmed Mohamed naye ana vitabu viwili. Kwa kuwa mwandishi ni yuleyule, mwaka ndio huamua, na cha 1977 kinatangulia cha 1980. Mfuatano kamili basi ni Kezilahabi, Massamba na wenzake, Mohamed M.S., Mohamed S.A. (1977), Mohamed S.A. (1980), Robert, TUKI.

4. Kupanga kwa kompyuta

Katika programu ya Word, chagua maingizo yote bila kichwa cha orodha, kisha bofya kitufe cha Sort kilichomo katika Home. Chagua Paragraphs, Text na Ascending, halafu OK. Kompyuta hulinganisha herufi inazoziona tu. Ukiandika Mohamed, S.A. katika ingizo moja na Mohamed, Said Ahmed katika jingine, itawahesabu kuwa watu wawili na haitafuata miaka. Vilevile, wanaopenda kuweka kistari kirefu badala ya kurudia jina la mwandishi wasubiri hadi upangaji uishe, la sivyo ingizo lenye kistari litaachana na mwandishi wake.

5. Kujongeza mistari

Ingizo refu hujaza mistari miwili au zaidi. Mstari wa kwanza huanzia kwenye pambizo, na inayofuata huingizwa ndani, kama ifuatavyo:

```
Massamba, D.P.B., Kihore, Y.M. na Hokororo, J.I.
     (1999). Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu.
     Dar es Salaam: TUKI.
Mohamed, S.A. (1977). Asali Chungu. Nairobi:
     Shungwaya Publishers.
```

Kwa mpangilio huu, kinachogusa pambizo ni majina tu, na jicho hushuka moja kwa moja kutoka jina hadi jina.

Kosa lililoenea ni kubonyeza Enter mwishoni mwa mstari wa kwanza, kisha Tab au nafasi kadhaa mwanzoni mwa mstari wa pili. Kwa macho, matokeo yanafanana na yaliyo sahihi. Lakini kila Enter huanzisha aya mpya, na Sort hupanga aya. Ukipanga orodha ya namna hiyo, "Shungwaya Publishers" itatengana na kitabu chake na kuhamia mahali pengine kama ingizo linalojitegemea. Hata usipopanga upya, kubadili ukubwa wa herufi kutaikata mistari mahali pasipofaa.

Ili kulitambua kosa hili, bofya alama ya ¶ katika Home. Kila ingizo linapaswa kuwa na ¶ moja tu, mwishoni mwake. Ukiona ¶ katikati ya ingizo, ifute pamoja na nafasi zilizoongezwa. Kisha chagua orodha yote, fungua dirisha la Paragraph, na chini ya Special chagua Hanging. Katika By andika 1.27 cm. Njia ya mkato ni Ctrl+T.

6. Zoezi

1. Eleza kwa nini Mohamed, M.S. (1976) angetangulia Mohamed, S.A. hata kama kitabu cha M.S. kingetolewa mwaka 1990.
2. Mwanafunzi amempanga Massamba na wenzake chini ya K. Ametumia kanuni gani isivyostahili?
3. Chukua vitabu kumi vya maktaba ya chuo chako, vikiwemo viwili vya mwandishi mmoja na kimoja cha taasisi. Andaa orodha yake kwa kompyuta, onyesha alama za ¶, kisha mpe mwenzako aihakiki.