Kilo moja na nusu iliyoko ndani ya misuli

*Mimi ni bondia wa ngumi za kulipwa, naishi Manzese. Nimepata pambano la paundi 135, zimebaki wiki sita, na uzito tunapima siku moja kabla. Siku tisa zilizopita nilianza kunywa kreatini, vijiko vinne kwa siku, kama nilivyoelekezwa jimu. Nilianza nikiwa na kilo 64.8. Leo asubuhi mizani imesoma 66.3, na chakula sijaongeza. Mwenzangu wa mazoezi ananiambia nisihofu, niache wiki moja kabla ya kupima na maji yote yatatoka. Mdogo wangu anacheza mieleka chuoni, ana miaka 21, naye anataka kuanza. Je, ni kweli hiyo wiki moja inatosha?*

*Bondia wa Manzese*

Wiki moja haitoshi. Acha leo, usisubiri. Ukiacha leo, wiki sita ulizonazo zinatosha, lakini ukimsikiliza mwenzako utapanda mizani ukiwa bado na sehemu kubwa ya hayo maji, na hapo ndipo watu wanapoanza kukimbia na koti la plastiki usiku wa kuamkia kupima.

Kreatini si kitu kigeni mwilini. Ini na figo zinatengeneza kama gramu moja kila siku, na anayekula nyama na samaki anapata takribani gramu nyingine kutoka kwenye sahani. Karibu yote inahifadhiwa kwenye misuli, na kazi yake ni kurudisha haraka nguvu inayotumika katika sekunde chache za mwanzo za kazi kali: zile ngumi sita za mfululizo, au mwanamieleka anapomnyanyua mtu kutoka mkekani. Ukinywa gramu 20 kwa siku, ambazo ndizo hivyo vijiko vyako vinne, ghala la misuli linajaa ndani ya siku tano hadi saba. Kreatini ikiingia kwenye seli ya msuli inavuta maji yaingie nayo. Ndiyo maana mtu hupanda kilo moja hadi mbili wiki ya kwanza bila kuongeza tonge. Angalia mkanda wako: kama tundu unalofungia ni lilelile na mizani imepanda kilo moja na nusu kwa siku tisa, hayo ni maji ya msuli, mafuta hayajaongezeka.

Sasa kuhusu kutoka kwake. Kreatini haitoki kama chumvi ya chipsi uliyokula jana, ambayo ukinywa maji na kukojoa imekwisha. Msuli unaiachia kidogo kidogo. Kwa mtu wa uzito wako, mwili mzima unapoteza kama gramu mbili kwa siku, ikigeuka kuwa kreatinini na kupita kwenye mkojo, na wakati huohuo ini na chakula vinaleta mpya. Kwa hiyo ghala linashuka polepole, na huchukua wiki nne hadi sita kurudi lilipokuwa. Baada ya siku saba sehemu kubwa ya ulichojaza bado ipo, na maji yake yapo nayo.

Mwenzako atasema sawa, basi yatatoka kwa jasho. Hili ndilo ninalotaka ulielewe vizuri kuliko mengine yote. Mizani haijui maji yamekaa wapi, lakini jasho linajua. Unapotoka jasho jingi kwa muda mfupi, damu na maji yaliyo nje ya seli ndivyo vinavyoumia kwanza, na maji yaliyoshikwa ndani ya msuli yanachelewa kufuata. Bondia aliyebeba kilo moja na nusu ya kreatini akaitoa kwa mvuke hatoi ileile aliyoiongeza. Kwa sehemu kubwa anaitoa kwenye damu. Damu ikipungua, moyo unadunda haraka zaidi kwa kazi ileile, ngozi inakosa damu ya kupeleka joto nje, na joto linapanda ndani. Anapima uzito akiwa mkavu kuliko mwenzake wa uzito uleule asiyetumia chochote.

Tupige hesabu yako yenyewe. Paundi 135 ni kilo 61.23. Tuseme kwa wiki tano unapunguza nusu kilo ya mafuta kila wiki kwa chakula, hiyo ni kilo 2.5, na huo ni mwendo ambao bado unakuruhusu kufanya mazoezi makali. Wiki ya mwisho unapunguza wanga, unapunguza chumvi, na siku mbili za mwisho unaacha vyakula vyenye makapi mengi kama maharage na mboga za majani ili utumbo uwe mwepesi. Wanga uliohifadhiwa kwenye msuli nao hukaa na maji, kama gramu tatu za maji kwa kila gramu ya wanga, kwa hiyo ukipungua yanatoka yenyewe bila kukimbia juani. Kwa mtu wa mwili wako hatua hizo zinaweza kutoa kama kilo 1.5.

Ukiwa na kreatini: 66.3 toa 2.5 inabaki 63.8, toa 1.5 inabaki 62.3. Umezidi kwa kilo moja na zaidi kidogo, na njia iliyobaki ni jasho. Ukiwa bila kreatini: 64.8 toa 2.5 ni 62.3, toa 1.5 ni 60.8. Umeshafika, na una karibu nusu kilo ya kunywea maji asubuhi ya kupima. Pambano ni lilelile na kambi ni ileile. Hivyo vijiko ndivyo vinavyoamua kama utaingia kwenye mvuke au hutaingia.

Siandiki haya kuitia kreatini ubaya. Mwaka 1997, kati ya Novemba na Desemba, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache wakikata uzito, na watu wengi walikimbilia kuilaumu kreatini. Uchunguzi ulionyesha walichokuwa wakifanya: mazoezi makali kwenye vyumba vya joto, wamevaa suti zisizopitisha hewa, wamejinyima maji. Waliuawa na joto na ukavu. Chama cha michezo ya vyuo kule, NCAA, kilipiga marufuku suti hizo na vyumba vya mvuke, na kikasogeza upimaji karibu na pambano. Kreatini yenyewe haikaushi mwili, na haimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa na WADA. Tatizo lake kwako ni kalenda.

Na kalenda ya mdogo wako ni ngumu kuliko yako. Wewe una zaidi ya saa 24 kati ya mizani na kengele. Yeye, kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la mieleka, anapimwa asubuhi na kuingia mkekani siku hiyohiyo, na tangu 2018 kila uzito unachezwa siku mbili, kwa hiyo akifuzu anapimwa tena asubuhi ya pili. Akishinda mechi zake za kwanza, akala na kunywa, usiku huo hana pa kuficha kilo moja na nusu. Mwambie asijaze gramu 20 hata siku moja katika msimu. Akitaka kreatini, atumie gramu 3 kwa siku wakati hakuna mashindano. Kwa takribani wiki nne atafika palepale ambapo wewe ulifika kwa wiki moja, ila uzito utapanda taratibu na ataona unasimama wapi. Uzito huo mpya ndio auchukulie kuwa wake wa kweli, na ndio umwamulie daraja la kucheza. Kama uzito huo unamsukuma daraja la juu ambako hana nguvu za kutosha, aachane nayo. Na kama mlo wenu nyumbani ni ugali na maharage zaidi ya nyama, ategemee kupanda zaidi, maana ghala la asiyekula nyama huanza likiwa chini na hupokea zaidi.

Turudi kwako. Kuanzia kesho pima kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kunywa chochote, kwenye mizani ileile, na uandike. Usitazame namba ya siku moja, linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki. Kama kufikia wiki ya nne wastani haujashuka chini ya kilo 63.5, mwambie promota mapema, muombe mkataba wa uzito wa juu kidogo. Mazungumzo hayo ni rahisi wiki mbili kabla kuliko mbele ya mizani. Usikubali vidonge vya kukojoza: vimekatazwa, na vinatoa maji palepale kwenye damu. Ukianza kusikia kizunguzungu ukisimama, mkojo ukawa wa rangi ya chai, au jasho likakata huku mwili unawaka, acha zoezi, kaa kivulini, kunywa maji, na umwambie kocha siku hiyo haina kupima. Ukiona mtu jasho limekata na anaongea ovyo, mmwagieni maji na kumpeleka hospitali, hiyo ni dharura.

Jambo moja ambalo mabondia wengi hawaambiwi: kreatini hupandisha kreatinini kwenye kipimo cha damu, na daktari anaweza kudhani figo zina shida. Ukienda kupimwa afya kabla ya pambano mwambie ulikunywa na uliacha lini.

Baada ya kupima, kunywa lita moja na nusu kwa kila kilo uliyopoteza kwa jasho, kidogo kidogo, maji ya ORS kwanza, kisha uji, wali, ndizi na chumvi ya kawaida kwenye chakula. Watu watakushauri dripu. Kwa anayefuata kanuni za WADA, kuingiza zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 bila matibabu ya hospitali ni kosa, na kwa hesabu tuliyopiga hutakuwa na sababu ya kuitaka. Kuna wanaorudia kreatini usiku huo pamoja na wanga, na watafiti waliowapima wanamieleka waliopunguza uzito haraka wameona faida kiasi. Lakini dozi kubwa huharisha baadhi ya watu, nawe hujawahi kuijaribu hivyo, kwa hiyo usiku wa kuamkia pambano si wakati wake.

Pambano likiisha, ukitaka kuirudia, anza na gramu 3 kwa siku ya kreatini monohaidreti tupu, isiyochanganywa na poda nyingine, na usisaini pambano jipya mpaka wiki nne zipite na uwe umeuona uzito wako ulipotulia.